Mtume, Mtumwa na Mtumishi: Mzizi Mmoja, Safari Tatu

Nimekulia Kitanga, kwenye nyanda za juu za Kigoma, ambako mtoto huamka na Kiha mdomoni na kukikuta Kiswahili darasani. Sasa nafundisha Kiswahili vijana wengi waliokulia hivyo hivyo. Mara nyingi wameambiwa kwamba lugha ya nyumbani inawaharibia Kiswahili. Mimi nimeona jambo jingine: kijana wa Kiha akikutana na neno geni la Kiswahili, tayari ana nusu ya ufunguo mkononi. Kazi yangu ni kumwonyesha ufunguo huo unafungua wapi, na wapi unakwama.

Mpendwa msomaji, tuchukue mzizi mmoja tu, *-tum-*. Ndani yake mna wazo la kumpeleka mtu akafanye jambo kwa niaba yako. Humo tunapata *tuma*, *mtume*, *mtumwa*, *mtumishi*, *tume*, *tumia*, *matumizi* na mengine. Ndugu zetu Warundi, ambao lugha yao na Kiha ni kama watoto wa mama mmoja, husema *gutuma*, na mzizi ni ule ule.

Ninapowafundisha vijana kukisia neno, nawaambia walimenye kama ndizi. Kwanza ondoa kiambishi cha mbele, ambacho hukuambia kama unazungumziwa mtu, kitu au hali. Kisha nenda mwisho wa neno, urudi nyuma kipande kwa kipande, mpaka ubaki na sehemu isiyogawanyika tena. Hapo jiulize: kila kipande nilichoondoa kilikuwa na kazi gani?

Tuanze na *mtume*. Ukiondoa *m-* na *-e* unabaki na *-tum-*. Irabu *-e* ya mwisho, katika baadhi ya majina, huonyesha mtu au kitu kilichotendewa. *Mteule* ni aliyeteuliwa, *kiumbe* ni kilichoumbwa. Kipimo kizuri zaidi ni *mshindi* na *mshinde*: wa kwanza ameshinda, wa pili ameshindwa, na tofauti yote imo katika herufi moja. Basi mtume si anayetuma, bali ni aliyetumwa. Wanaosoma Kigiriki watakumbuka kwamba *apostolos* nalo limetoka kwenye kitenzi cha kutuma.

Katika *mtumishi* vijana wengi hukwama, kwa sababu wakiondoa *m-* na *-i* wanabaki na *tumish*, na hawalijui. Hapa kuna kanuni ya sauti: *k* ikikutana na *-i* hii ya mtendaji hugeuka *sh*. Anayepika ni mpishi, anayeandika ni mwandishi. Kwa hiyo rudisha *k* mahali pake, upate *tumika*, na mtumishi ni yule anayetumika. Lakini si kila *sh* ilikuwa *k*. *Mpatanishi* ametoka kwenye *patanisha*, ambamo *sh* ilikuwamo tangu mwanzo. Namna ya kujua ni kujaribu njia zote mbili na kuangalia ni kitenzi kipi watu wanakitumia kweli. *Patanika* hutaisikia kwa mtu.

*Mtumwa* ndipo ufunguo wa nyumbani unapokwama. Kipande *-w-* ni cha kutendwa, kwa hiyo ukijenga neno kwa vipande vyake unapata "aliyetumwa", sawasawa na mtume. Kwa Warundi ndivyo lilivyo hasa: *intumwa* ni mjumbe, na ndilo neno lao la kumwita mtume wa Bwana. Mrundi anayejifunza Kiswahili akisikia *mtumwa* likisomwa kanisani, anaweza kufikiri ni cheo cha heshima. Kwa Kiswahili limekuwa jina la mtu aliyemilikiwa na mwenzake, na sisi wa Kigoma hatuna haja ya kwenda mbali kulielewa, maana njia ya misafara ya karne ya 19 ilitoka Ujiji, ikapita Tabora hadi Bagamoyo. Vipande vya neno havikuambii hayo. Vinakuambia neno lilijengwaje, lakini maisha yaliyolipata baadaye unayajua kwa kusikiliza wanaolitumia.

Ndiyo maana mwanzo wa Waraka kwa Warumi haufanani katika tafsiri zetu. Mtakatifu Paulo anajitambulisha kwa majina mawili, na la kwanza kwa Kigiriki ni *doulos*. Tafsiri moja ya Kiswahili imeandika *mtumwa*, nyingine *mtumishi*. Mzizi ni mmoja, lakini msikilizaji wa benchi la nyuma anasikia watu wawili tofauti: mmoja hana hiari, mwingine anayo.

Sasa tujaribu neno refu. Tuseme tangazo la parokia linakataza *utumikishwaji* wa watoto. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza analiona kama mlima. Tulimenye. Mbele kuna *u-*, kwa hiyo linazungumzia jambo au hali, si mtu. Mwisho kuna *-aji*, linaloonyesha tendo linaloendelea au la mazoea, kama katika *usomaji*. Kabla yake kuna *-w-*, mtu anatendwa. Kabla yake *-ish-*, kuna anayesababisha. Kabla yake *-ik-*, na chini kabisa *-tum-*. Sasa jenga upya kutoka ndani: *tuma*, *tumika*, *tumikisha*, *tumikishwa*, *utumikishwaji*. Ni hali ya mtoto kufanywa atumike, tena si mara moja.

Hapa viambishi vinabeba uzito wa kweli. Mzazi anaweza kusema, "Mimi namtuma tu," na kumtuma mtoto dukani hakuna ubaya. Lakini akimtoa shuleni akachunge ng'ombe wa watu kwa ujira unaoishia kwa mkubwa, hapo tumetoka kwenye *tuma* na kufika kwenye *tumikisha*. Mzizi haukubadilika. Kilichoongezeka ni silabi mbili, na ndani yake mna mtu anayemlazimisha mwingine.

Kumenya huku kuna mpaka wake. Kijana aliyefurahia mchezo huu ataanza kuona *-tum-* kila mahali, na ataniambia kwamba *tumaini* ni kutumwa kwa namna fulani. Mahubiri yangependeza, lakini si kweli. Nikimtaka aniambie *-aini* ni kiambishi gani, na anitajie kitenzi kingine kinachokichukua, hana. *Tumaini* limetoka Kiarabuni na kufanana kwake na *tuma* ni kwa bahati. Hicho ndicho kipimo ninachokitegemea: kipande ni kipande iwapo tu kinafanya kazi hiyo hiyo katika maneno mengine. Kikiwa na kazi mahali pamoja pekee, huenda umekata mfupa badala ya kiungo.

Na baada ya kupima, neno lirudishwe kwenye sentensi yake. Sarufi yenyewe huacha dalili. *Mtumwa* wingi wake ni *watumwa*, na *mtumishi* ni *watumishi*, lakini *mtume* huenda *mitume*, kama mti na miti, ingawa tunasema mitume *walihubiri*. Atakayekisia *watume* ataeleweka, ila kila msomaji wa Injili atageuza kichwa. Kwa hiyo nawaambia vijana wangu wakisie bila hofu, kisha wasome mstari unaofuata. Kisio likiwa sahihi, mstari huo utalipokea. Likiwa si sahihi, maana itagoma hapo hapo, na wakati huo ndipo inafaa kunyosha mkono kwenye kamusi.