Milioni 26 zilipogawiwa zikawa 28

Alipofariki dada yetu, Allah amrehemu, aliacha mume, mama mzazi na mabinti wawili. Baada ya kulipa madeni na gharama za mazishi, na kwa kuwa hakuacha wasia, zilibaki shilingi milioni 26. Kijana mmoja katika familia akapendekeza tuulize akili mnemba iliyo katika simu yake.

Hatuna budi kuwa waadilifu: kuna kazi ilizozifanya vyema. Ilitupangia orodha ya warithi, ikatufafanulia istilahi za mirathi kwa Kiswahili chepesi, na barua ya kuwaita ndugu kikaoni ikaiandika kwa adabu.

Kisha ikagawa. Mume robo, shilingi milioni 6 na laki 5. Mama sudusi, yaani moja ya sita, milioni 4 na elfu 333. Mabinti theluthi mbili, milioni 17 na elfu 333. Kila fungu ni sahihi likitazamwa peke yake, kwani ndivyo zilivyo aya ya 11 na ya 12 za Suratun Nisaa. Lakini mama yetu, aliyezoea kuhesabu fedha za biashara yake, alijumlisha kwa kalamu akapata zaidi ya milioni 28. Fedha zilizogawiwa zimezidi zilizopo!

Tulimwendea sheikh wetu. Akatuonesha kwamba tukigawa mali sehemu 12, mume hupata 3, mama 2 na mabinti 8. Jumla ni 13. Hapo wanazuoni wa madhehebu manne ya Sunni hutumia auli: mali hugawiwa sehemu 13 badala ya 12, ili upungufu uwaguse wote kwa uwiano. Hivyo kila sehemu ikawa milioni 2: mume milioni 6, mama milioni 4, na kila binti milioni 8. Sisi ndugu, tunaorithi kinachobaki, hatukupata kitu.

Lau mume na mama wangetangulia kuchukua walichoandikiwa na simu, mayatima wale wangepungukiwa zaidi ya laki 8.

Kwa nini ilikosea? Chombo hiki hakikai na kitabu cha mirathi mbele yake. Kimejifunza kutokana na maandishi mengi mno, nacho hujibu kwa kukisia neno linaloelekea kufuata jingine. Ndiyo maana barua huitunga vizuri, na hesabu yenye sharti lililojificha ikampita. Wala sauti yake haibadiliki: hukosea kwa uhakika uleule inaopatia nao.

Tangu siku ile tumejiwekea utaratibu. Hesabu tunaijumlisha wenyewe, aya tunaifungua msahafuni, na mirathi hatuigawi mpaka mjuzi wa faradhi aipitie.