Kundi la Ndugu na Wageni Wasiobisha Hodi

Sisi ni ndugu wenye asili ya Ndundu, kando ya Daraja la Mkapa, na wengi wetu sasa tumetawanyika Kibiti, Ikwiriri na Mbagala. Mto Rufiji ulipofurika Aprili 2024, na mashamba na nyumba za jamaa zetu kuingiwa na maji, tulifungua kundi la WhatsApp la kukusanya michango. Kiungo cha kujiunga, au linki kama wengi tunavyoiita, kilisambazwa kila palipokuwa na jamaa. Wakati ule ilifaa mlango uwe wazi, kwani haja ilikuwa kuwapata ndugu kwa haraka.

Maji yalipungua, michango ikaendelea kwa ajili ya mbegu na mazishi, na kile kiungo kikaendelea kutembea. Kiungo cha namna hii hakiishi muda kwa kupita siku. Anayekipata leo, hata kwa kupelekewa na mtu wa kumi, anaingia sawasawa na aliyepewa siku ya kwanza. Februari 2020 ilibainika kuwa viungo vya makundi mengi ya WhatsApp vilikuwa vikionekana hata kwa kutafuta katika Google.

Dalili ya kwanza ilikuwa maandishi madogo katikati ya mazungumzo. Ndugu anapoingizwa na msimamizi, kundi huonyesha nani kamwingiza. Hawa wapya walionyeshwa kuwa wameingia kwa kiungo, wala hawakusalimu. Dalili ya pili ilitoka kwa bibi yetu mmoja wa Mbagala, aliyempigia simu mweka hazina.

"Mwanangu, mbona umebadili namba? Umeniandikia kuwa ile ya zamani imefungwa, nitume elfu thelathini kwa hii mpya."

"Shikamoo bibi. Sijabadili namba, wala sijakuandikia. Usitume kitu."

Picha iliyokuwa katika namba ile ngeni ilikuwa ya mweka hazina mwenyewe. Mgeni alichohitaji ni kuwamo kundini tu. Aliyemo huona namba za wanachama wote, husoma kila kinachoandikwa tangu alipoingia, na hujua nani anashika fedha na nani anaombwa kuchanga.

Tulipokutana kushauriana, mmoja wetu alitaka wageni watolewe papo hapo. Lakini kumtoa mtu huku kiungo kile kingali kinafanya kazi ni kumtoa kwa mlango ambao namba yake nyingine itaingilia. Basi tukaanza na kiungo. Msimamizi, ambaye peke yake ana uwezo huo, alifungua taarifa za kundi, akagusa "Invite via link", kisha "Reset link". Papo hapo kiungo kipya kikatengenezwa na kile cha zamani kikafa popote kilipokuwa. Tulithibitisha kwa kumwomba kijana asiye mwanachama akijaribu, naye akakataliwa.

Hata hivyo, kubadili kiungo hakumtoi aliyekwisha kuingia. Kazi ya pili ikawa kulinganisha namba zote na daftari la michango. Namba tusizozifahamu zilikuwa 19. Hatukuzifuta kwa pamoja, kwani baadhi ya jamaa hubadili laini. Tuliandika kundini kwamba kila asiyefahamika ajitambulishe kwa sauti, ataje ni mtoto wa nani, kwa muda wa siku mbili. Wanne wakajitokeza kuwa ni ndugu zetu kweli. Waliobaki, 15, wakatolewa mmoja mmoja.

Hatua ya tatu ndiyo iliyotukumbusha adabu tuliyofundishwa katika Suratun Nuur, aya ya 27: kutoingia nyumba za watu pasipo kuomba idhini na kuwasalimu wenyewe. Katika "Group permissions" msimamizi aliwasha "Approve new members". Tangu hapo mwenye kiungo hufika mlangoni tu, na msimamizi ndiye humkubali au kumkataa. Kabla ya kukubali humpigia simu. Kiungo kipya nacho hatukukitangaza. Ndugu mpya humpitia mtu anayemjua.

Lipo jambo ambalo hatua zote hizi haziwezi. Namba ambazo wageni wamekwisha kuzinakili zimo mikononi mwao, na watu wale wanaweza kuandika tena faraghani. Kwa hiyo tuliwapigia simu wazee wote, mmoja baada ya mwingine, tukakubaliana kuwa namba ya michango haibadilishwi kwa ujumbe hata siku moja, ila kwa sauti ya mweka hazina wanayoijua. Namba ya yule aliyemwandikia bibi tuliiripoti kwa kutuma ujumbe kwenda 15040.

Mwezi uliofuata bibi alituma elfu thelathini zake kwa namba ya zamani, baada ya kupiga simu kwanza.