Saa Tatu Usiku

Kwa miezi mitano nilikuwa naposti samaki saa kumi na moja alfajiri, palepale Feri, mnada ukiwa umepamba moto. Changu wanang'aa, nami nasubiri oda. Ikifika saa sita mchana barafu imeyeyuka na ndoo haijafika nusu.

Video yangu moja ya pweza ilitazamwa mara 40,000. Kesho yake nikanunua pweza kilo 10, nikauza 2. Mama akaniuliza, "Mwanangu, hao elfu arobaini wanakula wapi?"

Usiku ule nikafungua Insights kwa mara ya kwanza. Waliomtazama pweza wengi hawakuwa wafuasi wangu, na mji ulioongoza ni Nairobi. Mimi napeleka kwa bodaboda, mwisho Mbagala. Nikashuka hadi Most active times: alfajiri nguzo fupi kama kidole gumba, 9p ndefu kuliko zote.

Sasa saa tatu usiku naweka picha ya changu mmoja juu ya mizani, bei ya kilo na maeneo ninayofika. Oda zinafungwa saa tano. Naingia Feri na orodha mkononi.

Watazamaji wameshuka hadi 300. Ninachohesabu ni waliobonyeza kiungo cha WhatsApp: wiki ya kwanza 19, wakanunua 11.

Ila ile nguzo inaonyesha nani kashika simu, haionyeshi nani ana hela. Kuanzia tarehe 20, saa tatu ileile, naposti vibua.