Mtu Mmoja Akiangalia Juu

Jioni moja nilikuwa napita Tom Mboya nikielekea stej. Nikakuta watu kama kumi wamesimama, shingo zimenyooka, wanaangalia juu ya jengo. Nami nikasimama. Niliona madirisha na waya za stima, basi.

"Buda, kuna nini?" nikamwuliza jamaa aliyekuwa kando yangu.

"Sijui. Nimekupata ukiangalia."

Niliposhusha macho, mfuko wa jaketi ulikuwa mwepesi. Simu ilikuwa imeenda, pamoja na makala ambayo ingelipa nusu ya kodi yangu. Nilipomweleza mamangu, alicheka kwanza, halafu akasema, "Si wewe uliacha chuo ukisema huwezi kufuata watu?"

Hilo liliniuma kuliko simu. Nikaanza kusoma kuhusu jambo hilo.

Mwaka 1968, huko New York, Stanley Milgram na wenzake waliweka mtu barabarani aangalie dirisha la orofa ya sita kwa dakika moja. Asilimia 42 ya wapita njia waliinua macho, lakini asilimia 4 pekee ndio walisimama. Walipoweka watu 15, walioangalia walifika asilimia 86, na waliosimama wakafika asilimia 40.

Ona tofauti hiyo. Kuinua macho hakukugharimu kitu, kwa hivyo mtu mmoja anatosha kukushawishi. Anaweza kuwa ameona tofali likianguka, na ukipuuza, shauri yako. Kusimama ni bei nyingine: unachelewa, unakosa mathree. Hapo unataka ushahidi zaidi, na ushahidi wako ni idadi ya watu. Mmoja anaweza kuwa amechanganyikiwa. Kumi na tano, wote?

Kosa langu lilikuwa kwenye hiyo hesabu. Nilihesabu mashahidi kumi. Lakini kama kila mmoja alisimama kwa sababu ya aliyemtangulia, basi shahidi alikuwa mmoja tu, na labda yeye alikuwa anaangalia njiwa. Wengine tisa hawakuongeza habari yoyote, waliongeza shingo. Kisha nikawa wa kumi na moja, na yule jamaa wa kando akanihesabu mimi.

Mama alikuwa na haki, ila alikosea mwaka. Sikuanza kufuata watu siku hiyo. Ile kozi niliyoiacha niliijaza kwa sababu karibu darasa letu lote liliijaza, na sikuwahi kuuliza ni nani kati yetu aliyekuwa ameketi na mtu anayefanya kazi hiyo. Nadhani hakuna.

Siku hizi watu wakiangalia juu, bado naangalia. Shingo haingoji ruhusa. Lakini natembea huku nikiangalia, mkono mfukoni, na nikitaka kusimama namwuliza aliye karibu swali moja: wewe umeona nini? Akiniambia "sijui", naenda zangu stej.