Dogo wa minasi 6 hahitaji lenzi ya bei kali zaidi

Wasee, mdogo wangu ana minasi 6 na kila jioni yuko kwa mpira huku Kondele. Dukani walituonyesha lenzi ya 1.74, ati ndiyo nyembamba zaidi. Mimi nikachagua polikaboneti ya 1.59, juu mpira ukimgonga usoni, hiyo haipasuki ovyo.

Na unene? Tulipunguza fremu. Badala ya lenzi ya upana wa milimita 54, tulichukua 44, macho yakae katikati. Hapo ukingo unatoka mwembamba kuliko 1.74 kwenye fremu kubwa. Saizi imeandikwa ndani ya mkono wa fremu, icheki.

Zile za kugeuka nyeusi juani tuliziacha. Kwa joto la Kisumu haziingii giza vizuri. Pesa ikaenda kwa tabaka la kuzuia mikwaruzo, maana polikaboneti hukwaruzika haraka.