Siku Hizi Napitia Mombasa

Nafanya kazi kwenye shamba la maua Naivasha, na mama yangu anaishi Malindi. Kliniki yake ya moyo haingoji mtu, kwa hiyo safari ya ndege kwangu ni sehemu ya matibabu. Kwa muda mrefu nilikata tiketi ya Nairobi hadi Malindi moja kwa moja, ile ya alasiri, kwa kuwa ilikuwa rahisi na ilinishusha karibu na nyumbani.

Kisha safari moja ikafutwa tukiwa tumeshapita ukaguzi. Dada wa kaunta akaniambia, "Mama, hiyo ndiyo ilikuwa ya mwisho leo, na ya kesho asubuhi imejaa." Mama yangu alikwenda kliniki na jirani.

Tangu hapo, kabla ya kuangalia bei, naangalia ndege ngapi zinafuata ile ninayoitaka siku hiyohiyo. Uwanja wa Malindi una njia fupi ya kurukia, ndege kubwa hazitui, na safari zake ni chache. Mombasa ndege zinatua asubuhi hadi usiku. Nauli huzidi kidogo, halafu naongeza ya matatu kupitia Mtwapa na Kilifi, kama kilomita 120.

Sichukui ya mwisho tena. Nachukua ya saa nne asubuhi, ambayo naiwahi nikitoka Naivasha alfajiri. Safari moja ilifutwa kwa hitilafu ya injini. Nikahamishiwa ya saa nane bila kulipa zaidi, na magharibi nilikuwa Malindi nikimpangia mama dawa za usiku.

Kuhesabu nako kuna namna yake. Wakati mwingine kampuni mbili huuza viti vya ndege ileile kwa namba tofauti, kwa hiyo saa za kuondoka zikilingana kabisa, nauliza ni nani hasa anayeirusha. Pia natazama kama njia ina zaidi ya kampuni moja. Marubani wa Kenya Airways walipogoma Novemba 2022, aliyetaka kwenda Mombasa bado angeweza kutafuta kiti kwingine, ingawa tiketi mpya angeilipia mwenyewe wakati akisubiri kurudishiwa nauli ya kwanza. Tena kiti chenyewe lazima kiwepo: Pasaka na Desemba, ndege tano zilizojaa hazimwokoi mtu.

Na kuna siku uwanja wenyewe husimama. Septemba 11, 2024 wafanyakazi wa JKIA waligoma wakipinga mpango wa kuikabidhi kampuni ya Adani uwanja huo, na abiria wa kampuni mbalimbali wakakwama pamoja. Kwa hiyo kliniki ikiwa Jumatano, mimi huondoka Naivasha Jumatatu. Jumanne yote hubaki ya akiba, na ikibidi namalizia safari barabarani kwa basi la usiku.