Mzee, rangi mpya haitazuia maji

Ukisema ukuta wa keja yako Lodwar una unyevu, watu wanacheka. Mvua yenyewe hapa ni mgeni. Lakini ukuta wangu wa upande wa kitanda umefura mapovu. Ukibonyeza, rangi inabanduka, na chini yake kuna unga mweupe. Mwenye ploti alishapaka mara mbili. Mara ya tatu akasema ni mimi naharibu, atakata depoziti yangu. Hapo ndio nikaamua kumwandikia.

Wasee, kabla ya barua tafuta ushahidi. Nilibandika kipande cha foili ya jikoni kwa ukuta, nikaziba pande zote nne na selotepu, nikaacha siku mbili. Jasho likitokea mbele ya foili, ni unyevu wa hewa ya chumba, labda mvuke wa kupika. Likitokea nyuma, maji yako ndani ya ukuta. Langu lilikuwa nyuma.

Yanatoka wapi sasa? Yangekuwa yanapanda kutoka ardhini, sehemu ya chini ya ukuta wote ingeloa. Yangu ni doa moja, kimo cha kiuno, na upande wa pili ni bafu la jirani. Usiku mmoja tulikubaliana na majirani: tukafunga mferiji wote na maji yanayoingia tangini, tukapima kina kwa kijiti. Asubuhi kilikuwa kimeshuka vidole vitatu, na chini ya tangi palikuwa pakavu.

Nikaandika hivi:

"Mzee, habari yako. Mimi ni mpangaji wa chumba namba 4. Rangi inabanduka kwa sababu maji yanapita ndani ya ukuta, na nadhani bomba la bafu la chumba namba 5 linavuja. Maji yanabeba chumvi iliyo kwenye simiti na mchanga. Yakikauka kwa joto letu, chumvi inabaki chini ya rangi na kuisukuma nje. Ndiyo maana rangi mpya haikai. Naomba ulete fundi wa mabomba kwanza, aangalie bomba hilo. Likishazibwa, plasta iliyolegea itolewe, chumvi ipigwe brashi kavu, ukuta uachwe ukauke kabisa, ndipo upakwe. Picha zenye tarehe ziko hapa. Naomba pia depoziti yangu isikatwe kwa jambo hili. Asante."

Nikabaki na nakala. Baada ya siku nne alikuja na fundi. Wakapasua plasta, wakakuta kiungo cha bomba kinadondosha tone baada ya tone.

Mzee hakusema pole. Alitaka kupaka rangi jioni hiyohiyo, nikamwomba tungoje. Sasa ukuta uko uchi wiki ya tatu. Leo nimebandika foili tena, na bado kuna jasho kidogo nyuma. Hatupaki bado.